Pedali ya korasi na flenja inayogonga "tik": nyota moja, labda tatu

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Pedali hii ya gitaa nimeinunua Kariakoo miezi kadhaa iliyopita, ina swichi ya kuchagua korasi au flenja, na ina ugonjwa mmoja: tik. Kimya. Tik. Kimya. Tik. Bendi ikipiga husikii kitu. Mwimbaji akibaki peke yake na gitaa langu la ridhimu, ukumbi mzima unadhani kuna saa ya ukutani ndani ya ampu.

Nikairudisha dukani. Kijana wa kaunta hakuichomeka hata kwenye umeme. "Mzee, hiyo ni adapta yako." Nikamwekea betri mbele ya macho yake, tik ikaendelea. "Basi ni gitaa." Nikachomoa gitaa, tik bado ipo. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Wewe piga muziki, acha kusikiliza mashine." Wateja wawili wakacheka. Mdogo wangu, kusikiliza ndiyo kazi yangu.

Na ushahidi wote ulikuwa pale pale. Nilizungusha kitufe cha kasi, na tik ikaongezeka mwendo sawasawa na kule kuyumba kwa sauti. Mlio wa adapta mbovu ni mngurumo usiobadilika, haujui kitufe cha kasi kiko wapi. Hii ilikuwa inafuata osileta, ile saketi ya polepole inayoyumbisha sauti.

Korasi haina muujiza mkubwa. Sauti ya gitaa inagawanywa mara mbili. Moja inapita moja kwa moja, nyingine inacheleweshwa kidogo, kisha zinachanganywa. Kwenye yangu ucheleweshaji unapanda na kushuka, tuseme kati ya milisekunde 5 na 9. Unapopungua, nakala ile inapanda noti kidogo, unapoongezeka, inashuka. Ukienda milisekunde 4 nzima ndani ya sekunde moja, noti inahama kwa asilimia 0.4 tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya nusu-toni. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachofanya gitaa moja lisikike kama magitaa mawili yaliyotuniwa na watu wawili tofauti.

Sasa, anayesukuma ucheleweshaji huo ni osileta. Volteji yake inapanda polepole hadi kileleni, ndipo kipande chake kimoja kinageuka ghafla na kuanza kuishusha. Ikifika chini kinageuka tena. Kugeuka huko kunavuta umeme kwa mshtuko, na kama saketi ya sauti inakula kwenye waya huo huo bila kinga, mshtuko unapenya. Ndiyo maana tik zilikuwa mbili kwa kila wimbi, moja juu na moja chini. Fundi wangu wa redio alilijua hilo kabla sijamaliza kueleza. Akaitenga njia ya umeme ya osileta kwa rezista ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 100 kwenda ethi. Vitu vya bei ya soda! Kiwanda kilishindwa nini?

Kwa hiyo nyota moja. Lakini ngoja. Baada ya matengenezo nilipiga ridhimu ya rumba taratibu, kasi chini kabisa, kitufe cha kina, yaani ukubwa wa kuyumba, nusu, na nikakaa kimya. Sauti ilikuwa pana, ina unyevunyevu, ile niliyoitafuta tangu nilipomsikia mtu akipiga gitaa kupitia Roland JC-120, ampu ya 1975 yenye korasi ndani yake. Si sawa nayo, ile inatoa sauti kwenye spika mbili, lakini ni jamaa yake. Nyota nne, nilisema kwa sauti, na mke wangu akauliza naongea na nani.

Kisha nikabonyeza flenja. Hapa ucheleweshaji ni mfupi zaidi. Ukifika milisekunde 1, masafa ya hezi 500, 1500, 2500 na kuendelea hivyo yanajifuta, na mashimo hayo yanatembea kila ucheleweshaji unapobadilika. Pedali pia inarudisha sehemu ya sauti mwanzoni ili izunguke tena. Ukiongeza mrudisho huo, masalia ya tik nayo yanazunguka, yanatoka "piu" nyembamba. Kwenye korasi siisikii tena. Kwenye flenja yenye mrudisho mkubwa bado ipo.

Ukienda kununua, chomoa gitaa, kina weka mwisho, mrudisho mwisho, ampu ipandishe, halafu zungusha kasi. Kijana akikuharakisha, ondoka. Mimi flenja siigusi, na korasi siizimi. Nyota tatu kwa pedali. Duka lile, sifuri, hata wakinipa adapta ya bure.