Kata ya nne ilikuwa ukurasa wa pili: miezi minane na kamusi yetu ya wanafunzi

Kamusi hii niliinunua Februari, kwenye banda la vitabu jirani na soko la Majengo hapa Dodoma. Muuzaji alianzia 35,000, tukavutana mpaka akaniachia kwa 28,000. Ni ya Kiswahili kwa Kiswahili, jalada gumu, saizi ya tofali la kuchoma. Jina lake silitaji, maana kasoro nyingine huenda ni za nakala niliyouziwa mimi tu. Nilimnunulia binti wa kaka yangu, ninayeishi naye Ipagala. Ameanza kidato cha kwanza, na mwalimu wao wa Kiswahili ameshika mada ya matumizi ya kamusi kwelikweli: kila wiki wanaletewa sentensi kumi, neno moja limepigiwa mstari, na mwanafunzi aandike aina ya neno na namba ya maana inayofaa.

Wiki ya pili tu akanijia jikoni na daftari. "Shangazi, kamusi imekosea."

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Bibi aliweka kata kichwani, akajitwika ndoo ya maji. Yeye alikuwa ameandika kuwa kata ni nomino, maana yake sehemu ya utawala iliyo chini ya tarafa. Nikamuuliza, sasa bibi aliwekaje kichwani eneo zima lenye mtendaji na ofisi yake? Akacheka, lakini akasimama pale pale: "Ndiyo maana nasema imekosea. Nimesoma zote, hakuna nyingine."

Nikafuta mikono, tukakaa mezani. Kwa jinsi kamusi yetu ilivyo, kata ya kwanza imewekewa alama kt, yaani kitenzi, na ndani yake mna maana zilizopewa namba: kutenganisha kitu kwa kisu au panga, kupunguza fedha kwenye malipo, kupita njia ya mkato, na kadhalika. Kata ya pili ni nm, nomino, nayo ni chombo cha kuchotea maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi au kibuyu. Ya tatu ni nm pia, ile ya utawala. Hapo ukurasa unaisha.

Kabla ya kwenda mbali nilimwonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilisoma shule nzima bila kuelezwa. Humo mna namba za aina mbili. Kuna kinamba kidogo kilichopanda juu, kimegandana na neno lenyewe: kata¹, kata², kata³. Hicho kinasema haya ni maneno tofauti, yamefanana sura tu, kama watu wawili wasio na undugu wanaoitwa jina moja. Halafu kuna namba za kawaida, 1, 2, 3, ndani ya maelezo. Hizo ni maana za neno moja, zenye undugu kati yake. Kukata mkate na kukata fedha kwenye mshahara ni neno moja, kwa sababu kote kuna kitu kinapunguzwa. Kata ya kuchotea maji haina undugu na kisu. Kwa hiyo mwalimu akitaka namba ya maana, jibu kamili lina sehemu mbili: ni kata ipi kwanza, kisha maana ya ngapi ndani yake. Binti alikuwa anazihesabu zote mfululizo kuanzia juu kama nyumba za mtaani, na ndipo alipopoteza alama za wiki ya kwanza.

Tukarudi kwenye sentensi. Alama ya aina ya neno ndiyo inayopunguza kazi, kwa hiyo tukaanza nayo. "Aliweka" imeshakuwa kitenzi, na baada yake panatakiwa kitu kilichowekwa, basi kata hapa ni nomino. Maana zote za kt, hata zingekuwa kumi na mbili, zinaondoka kwa mkupuo mmoja bila kuzisoma. Zikabaki mbili. Tukachukua maelezo ya kila moja na kuyapachika mahali pa neno: bibi aliweka chombo cha kuchotea maji kichwani, akajitwika ndoo. Haikai. Kata ya kuchotea ingekuwa mkononi, au inaelea ndani ya ndoo. Bibi aliweka sehemu ya utawala kichwani, hiyo tulishaicheka. Maana zote zikikataa kupachikika, ujue ama umekosea aina ya neno, ama hujamaliza kusoma.

Nikafunua ukurasa unaofuata. Pale juu kabisa, mstari wa kwanza: kata⁴, nm, kitambaa au majani yaliyosokotwa duara na kuwekwa kichwani ili kuzuia mzigo.

Kilichomponza ni maneno elekezi, yale mawili yanayoandikwa juu ya kila ukurasa, la kushoto likiwa neno la kwanza la ukurasa huo na la kulia likiwa la mwisho. Ukurasa wake ulikuwa umeandikwa karoti – kata. Yeye akaelewa kuwa kata zinaishia hapo, akafunga. Ukurasa wa pili umeandikwa kata – kauka. Neno la kulia likijirudia kushoto kwenye ukurasa unaofuata, maana yake familia hiyo imegawanywa na karatasi, endelea kusoma. Kamusi ingechapa kile kinamba kidogo juu pia, yaani kata³ upande mmoja na kata⁴ upande wa pili, mtoto asingepotea. Haikuchapa. Nyota ya kwanza niliipunguza hapo.

Kasoro ya pili ni ya kiwandani. Neno elekezi la upande wa ndani limechapwa karibu mno na mshono, hivyo katikati ya kitabu, kuanzia herufi K mpaka M, linamezwa. Inabidi ukandamize kitabu kwa viganja viwili ndipo ulione, na mgongo wake sasa umeanza kuachia gundi.

Maneno ya juu yenyewe yakisomeka, kazi yake ni rahisi, ila lazima ulinganishe herufi moja moja, usiishie mbili za mwanzo. Tukitafuta katiba kwenye kata – kauka: k-a-t zinalingana na kata, herufi ya nne ni i, nayo iko baada ya a, kwa hiyo tumeshapita kata. Upande wa pili, kauka ina u mahali pa tatu na katiba ina t, kwa hiyo hatujaifikia. Basi imo humu humu, teremsha macho. Ila hayo yote hayakusaidii kama umebeba neno ambalo kamusi haijaliorodhesha. Jioni ile ile alitafuta "jitwika" kwenye J, hakuiona. Toa a ya bibi, toa ka ya kufuatisha, toa ji ya kujitendea mwenyewe, inabaki twika, iko kwenye T. Kuta iko kwenye U, chini ya ukuta. Jekundu iko kwenye E, imeandikwa -ekundu na kistari mbele.

Kwa alama za aina ya neno naipa kamusi hii nyota zake zote, kwa sababu kila nomino imewekewa na ngeli kwenye mabano ya mraba, na mara nyingi ngeli ndiyo inayotoa jibu. Chukua paa. "Paa wale wamekimbia" na "paa lile linavuja" zote ni nm, alama hiyo peke yake haitofautishi kitu. Lakini moja ina [a-/wa-] na nyingine [li-/ya-]. Wale wamekimbia, huyo ni mnyama. Lile linavuja, hiyo ni nyumba. Kwa kata ngeli haikutusaidia, maana tatu zote za nomino ni [i-/zi-], ndiyo maana ikabidi tupachike maelezo.

Neno moja linaweza pia kubeba alama mbili, na hapo watoto wengi wanachukua ya kwanza. Haraka ni nm katika "haraka haina baraka", kwa sababu ndiyo inayotajwa na kitenzi kinafuata ngeli yake. Katika "njoo haraka" ni kl, kielezi, inaeleza unavyokuja. Binti aliandika nm kote kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kwenye maelezo. Kutangulia hakumaanishi kufaa. Ni mpangilio wa wahariri tu, na kanuni wanayoifuata huelezwa kwenye kurasa za mwanzo ambazo hakuna anayezisoma. Mimi nilizisoma siku umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu.

Kuna mahali kamusi yoyote inafika mwisho wa uwezo wake. Mwezi wa sita alileta sentensi: Mjomba amepanda mti. Kuna panda ya kukwea na panda ya kufukia mbegu au mche ardhini, maneno mawili tofauti, yote kt, yote yanakubali mti mbele yake. Pachika hili, inakaa. Pachika lile, inakaa. Alihangaika nayo nusu saa. Nikamwambia ageuze karatasi, na kweli sentensi iliendelea nyuma: ...ili aangushe ubuyu. Angekuta "akaumwagilia jioni" jibu lingegeuka. Swali lisipokuwa na kipande hicho cha pili, kosa ni la aliyetunga swali, na mtoto ana haki ya kuandika majibu yote mawili.

Jambo jingine dogo linaloudhi: orodha ya vifupisho iko mwisho wa kitabu, nyuma ya viambatisho, na haijawekewa alama yoyote pembeni. Tumeinakili kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la mbele. Karatasi ni nyembamba, maandishi ya upande wa pili yanaonekana kama kivuli, na vile vinamba vya juu mimi sivioni bila miwani. Mara mbili nimesoma ³ nikadhani ².

Ile jioni ya kata haikuishia kwenye kitabu. Aliposoma "yaliyosokotwa duara" akaniuliza duara namna gani, kwa kuwa yeye amekulia kwenye bomba la uani. Nilivua kanga begani, nikaipinda kwa urefu, nikaizungusha kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto na kuchomeka ncha ndani. Nikamweka kichwani na sufuria juu yake. Bibi yake kule Bahi anaisokota hivyo huku anaongea na mtu, wala haitazami.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukitaka kuinunua, au nyingine yoyote ya sekondari, usilipe kabla hujafungua herufi K palepale bandani. Tafuta kata, angalia kama zimegawanyika kurasa mbili, angalia kama neno la juu upande wa mshono linasomeka bila kukandamiza kitabu, na kama kinamba cha juu unakiona kwa mwanga wa humo ndani. Muuzaji wangu alininunia nilipokaa muda mrefu na kitabu chake, na mimi nikaona aibu nikalipa kabla ya kufika K.