Uchambuzi: Hailaita ya Microsoft Word kwa Anayechapa Ukurasa Uliokwisha Kusomewa

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua zana moja ya Microsoft Word, ile ya kupaka rangi juu ya maneno ambayo kwenye skrini inasomeka Text Highlight Color, na ninaichambua kwa kazi moja tu: kuchapa upya ukurasa wa kitabu cha kiada uliopigwa picha kwa simu, ukiwa tayari una hailaita ya njano na mistari ya penseli ya mtu aliyeusomea. Hapa Dodoma kazi hii haiishi katika maduka ya stesheneri yaliyo jirani na vyuo na shule. Mteja hutuma picha kwa WhatsApp, husema "naomba unichapie hii", na hasemi lolote kuhusu alama zilizomo, hivyo mchapaji ndiye anayebaki na uamuzi wa kuzibakiza au kuziacha. Toleo ninalolizungumzia ni Word ya kompyuta yenye Windows.

Tuchukue ukurasa mmoja wa zoezi la sarufi ya Kiswahili, ambao nimeuandaa mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi huu. Maagizo yake yanasema: "Taja aina za maneno yaliyopigiwa mstari." Sentensi ya kwanza ni "Wakulima wanavuna zabibu mapema", na ya pili ni "Mvua kubwa ilinyesha Kondoa jana". Mpiga chapa wa kitabu ameweka mstari chini ya "mapema" katika sentensi ya kwanza na chini ya "kubwa" katika ya pili. Kisha amekuja mwanafunzi na penseli yake, akapiga mstari chini ya "Wakulima", akapiga mwingine mrefu chini ya "Kondoa jana", na akaupitia tena kwa penseli ule mstari wa kitabu uliokuwa chini ya "mapema". Hailaita ya njano ameipaka mahali pamoja tu, juu ya silabi "na" iliyo katikati ya "wanavuna".

Sasa angalieni kinachotokea mchapaji asipofikiri. Akichapa kila mstari anaouona, sentensi ya kwanza inakuwa na maneno mawili yaliyopigiwa mstari na ya pili inakuwa na matatu, kwa hiyo atakayelifanya zoezi atajibu nomino na vielezi ambavyo kitabu hakikuviuliza kabisa. Akiamua kinyume chake, kwamba mistari yote ni uchafu wa msomaji na aiondoe yote, zoezi linabaki na maagizo yanayotaja mistari isiyokuwepo, na hapo halijibiki. Ndiyo maana mimi huanza na swali la nani aliyeiweka alama, kisha ndipo nauliza kama ibaki. Alama iliyochapwa pamoja na kitabu ni sehemu ya matini, na mchapaji hana ruhusa ya kuigusa. Alama ya msomaji ni ya msomaji, na hiyo peke yake ndiyo inayoweza kujadiliwa.

Kuzitofautisha kunahitaji picha ya rangi, tena picha halisi. Programu nyingi za simu za kuskani zina kichujio cha kugeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe ili uonekane nadhifu, na kichujio hicho ndicho adui mkubwa wa kazi hii, kwa sababu kinaifuta njano au kuiacha kama kivuli hafifu, huku kikiikoleza penseli mpaka inalingana na wino wa kitabu. Mkipokea picha ya namna hiyo, mwombeni mteja ile ya awali kabla hamjachapa neno hata moja, na ikibidi aipige upya karibu na dirisha mchana. Taa ya njano ya chumbani huipa karatasi nzima rangi ya njano, na hailaita iliyofifia hupotea ndani yake.

Mkishaipata picha nzuri, ikuzeni mpaka neno moja lijaze upana wa skrini. Mstari wa kitabu una unene uleule mwanzo hadi mwisho, umenyooka sambamba na maneno, una weusi uleule wa herufi, na huanza na kuishia pale neno linapoanzia na kuishia. Mstari wa penseli ni wa kijivu, unang'aa kidogo pale mwanga ulipoupiga kwa ubavu, unapanda na kushuka, na mara nyingi unavuka mpaka wa neno au unaikata mikia ya herufi kama "p", "j" na "y". Mgumu ni ule wa "mapema", kwa kuwa penseli imelala juu ya mstari wa kitabu. Hapo natazama ncha zake mbili: penseli haifuniki kikamilifu, na chini yake utaona ukingo mweusi ulionyooka ukichomoza. Shaka ikibaki, nakala nyingine ya kitabu hichohicho humaliza ubishi, maana mstari wa mpiga chapa upo katika kila nakala.

Sasa turudi kwenye zana yenyewe. Kwa alama ya njano, Text Highlight Color naipa alama za juu, na sababu yangu haihusiani na uzuri wa rangi. Word huihifadhi hailaita kama kitu kilicho kando ya sifa nyingine za herufi, na hata mkilisafisha andiko kwa Clear All Formatting, hailaita hubaki. Muhimu zaidi, mkienda File, kisha Options, kisha Display, mtakuta kisanduku kinachoitwa Show highlighter marks. Mkiondoa tiki hapo, njano yote hutoweka kwenye skrini na kwenye karatasi inayochapishwa, ilhali ndani ya faili bado ipo. Kwa mteja ambaye hajasema anataka nini, hili ni jambo kubwa, kwa sababu faili lilelile linatoa nakala yenye alama na nakala safi bila kuchapa mara mbili. Hakikisheni tu kwamba mmetumia hailaita yenyewe. Ipo njia nyingine ya kupaka rangi nyuma ya maneno, iitwayo Shading, ambayo kwa macho inafanana nayo, lakini kisanduku hicho hakiifichi.

Ile silabi "na" ya "wanavuna" inahitaji uangalifu wa pekee. Kwa kawaida mkono wa msomaji huchelewa kuanza au huwahi kuishia, na hailaita inayokata neno katikati kwa bahati mbaya naikamilisha mpaka neno zima, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kuangazia nusu ya neno. Hapa, hata hivyo, nusu hiyo ina maana: mwanafunzi ameonyesha kiambishi cha njeo, yaani wakati uliopo. Mkiipaka "wanavuna" yote, mmefuta alichokigundua. Teueni herufi hizo mbili tu kwa kubonyeza Shift pamoja na mshale, kisha mpake rangi.

Mistari ndiyo inayonipa mashaka. Watu wengi hubonyeza Ctrl+U kwa kila mstari, wa kitabu na wa penseli, na tangu hapo Word haijui tofauti yake, wala hakuna kisanduku cha kuificha mistari kama kilivyo cha hailaita. Ushauri wangu ni kuiacha Ctrl+U iwe ya kitabu peke yake. Kwa penseli, tengenezeni mtindo mpya katika dirisha la Styles, mchague Style type iwe Character, mwupe jina "Penseli", na mwupe mstari wa nukta. Katika ukurasa wetu, "mapema" na "kubwa" yanapata Ctrl+U, ilhali "Wakulima" na "Kondoa jana" yanapata mtindo wa Penseli. Ule mstari wa penseli uliopitishwa juu ya mstari wa kitabu siuchapi, kwa sababu neno haliwezi kubeba mistari miwili bila kumchanganya msomaji, na wa kitabu ndio wenye haki ya kwanza. Siku mteja akisema anataka nakala safi, mnabadilisha mtindo mmoja usiwe na mstari, na nukta zote zinaondoka kwa mara moja huku zoezi likibaki kamili.

Zana hii ina kasoro moja inayoniudhi. Mkitafuta maneno yenye hailaita kupitia Ctrl+H, Word huyakuta yote bila kujali rangi. Kwa hiyo mchapaji mwenye mazoea ya kupaka kijani mahali asipoweza kusoma picha vizuri ataichanganya shaka yake na alama za mwanafunzi. Shaka zenu ziwekeni kwenye New Comment, na hailaita ibaki ya mwenye kitabu.

Je, kwa kawaida alama zibaki au ziondoke? Msimamo wangu unategemea atakayesoma. Mwanafunzi anayechapiwa ukurasa wake mwenyewe ili ajisomee, zibakizeni zote, kwa kuwa alitumia saa zake kuamua ni nini kizito na ni nini chepesi, na kuzifuta ni kumrudisha mwanzo. Mwalimu anayeandaa zoezi la darasa, ziondoeni zote za msomaji, hasa penseli, kwa sababu katika kitabu cha mazoezi mstari wa penseli mara nyingi ni jibu. Msipojua, zibakizeni ndani ya faili kwa utaratibu niliouonyesha, halafu mwulize mteja. Kuondoa baadaye ni kazi ya dakika chache, lakini kurudisha kilichoachwa kunahitaji picha, na picha ya WhatsApp huenda imeshafutwa.

Juu ya nakala yenye alama, andikeni mstari mmoja wa maelezo. Mimi huandika hivi: "Njano na mstari wa nukta ni alama za msomaji, mstari usiokatika ni wa kitabu." Bila hayo, atakayeipokea nakala hiyo mwakani hatajua kwamba nukta si za mwandishi.

Jambo la mwisho ni la usalama wa mitihani, nalo ninawasihi mlizingatie. Kuondoa tiki kwenye Show highlighter marks kunaficha tu. Mkimtumia mtu faili lenyewe la Word na kwenye kompyuta yake tiki ipo, njano yote itaonekana, pamoja na majibu iliyoyaangazia. Nakala inayokwenda kwa watahiniwa inatakiwa kusafishwa kweli: hifadhini nakala ya pili yenye jina lingine, bonyezeni Ctrl+A, chagueni No Color kwenye Text Highlight Color, ondoeni mstari kwenye mtindo wa Penseli, kisha mtazame ukurasa mmoja mmoja mkiwa na kitabu mkononi kabla ya kuutoa dukani.