Abaya mbili, safari moja ya kivukoni: ipi inavalika kwenye joto la Mwanza?

Assalaam aleikum dada zangu. Leo nina abaya mbili, hii nyeusi na hii ya kijivu. Zote nimenunua Makoroboi, na zote niliambiwa ni pamba. Ukizishika zinafanana kabisa. Nimezivaa siku mbili tofauti kwa safari ileile, Kirumba mpaka kivuko cha Kamanga, saa saba mchana, mvua ikiwa imenyesha asubuhi.

Nyeusi ilinishinda kabla sijafika kivukoni. Mgongo umelowa, kitambaa kimenata mapajani, kila hatua nakivuta. Na nguo ikishanata inachora mwili, kwa hiyo hata stara niliyoivalia haipo tena.

Sasa tazameni. Nimechomoa uzi kwenye pindo la ndani, naushika kwa kibano juu ya sahani, nawasha kiberiti. Huu wa nyeusi unajikunja, unayeyuka, unaacha kipunje kigumu, na harufu ni ya plastiki. Hiyo ni poliesta. Hewa yetu ya ziwani ikijaa unyevu, jasho linakauka polepole hata ukivaa nini; sasa ukiongeza nguo isiyolinyonya, linabaki ngozini linatiririka. Uzi wa kijivu unawaka kama karatasi na majivu yake ni laini. Hiyo ni pamba au viskosi, moto hautofautishi hizo mbili. Ukiona majivu pamoja na kipunje, kitambaa ni cha mchanganyiko.

Ya kijivu niliivaa wazi mbele, ndani gauni jepesi la pamba, refu mpaka kwenye vifundo, lakini halina mikono. Mikono ya abaya inatosha kusitiri, ya nini kurundika mingine chini yake? Gauni la ndani lisiwe fupi, maana kwenye kivuko upepo unaifunua abaya yote.

Kichwani, mtandio wa pamba nyepesi. Shifoni inateleza, ndiyo maana wengi wetu tunavaa kofia nzito ya kubana chini yake. Pamba inakaa, kwa hiyo nilivaa utepe mpana tu kwenye paji la uso, utosi ukabaki na safu moja. Pini moja chini ya kidevu, ncha nyingine naitupa begani bila kukaza, shingo ipate hewa. Na tafadhali, nywele mbichi msizifunge. Maji yanabaki humo kutwa nzima, jioni kichwa kinawasha na kinanuka.

Kasoro za ya kijivu zipo. Ikilowa inakoza rangi, doa la kwapani linaonekana mbali. Ningerudi dukani ningechukua yenye maua madogo. Pia imesinyaa nilipoifua mara ya kwanza, kwa hiyo nunueni inayogusa kiatu.

Nyeusi sijaitupa. Naiweka kwa shughuli za usiku, za kukaa kitini penye feni.