TAHADHARI: Muuza spika za "wati 3000" na maiki mbili hapa Mwanza

Wana Mwanza na nyie wa ng'ambo Sengerema, kuna jamaa anauza spika za kukokota zile za sherehe, anaandika wati 3000, besi mbili za inchi 12, bluetuthi, flashi, oksi, tundu la gitaa, maiki mbili zisizo na waya, NJOO UJARIBU MWENYEWE. Kanipiga laki tatu na nusu, nikimkumbuka mikono inatetemeka.

Na msiniambie eti sikujaribu, nilijaribu! Nilikutana naye maeneo ya Makoroboi akanipeleka kwenye kistoo, akafunga mlango eti majirani wanalalamika kelele, akaunganisha simu yake, jamani ile besi ilinipiga kifuani mpaka bati likawa linalia. Akashika maiki, "haloo haloo", safi kabisa, akaizima, akanipa ya pili, nayo safi. Kijana mpole, shikamoo nyingi, waya kaniwekea kwenye mfuko, risiti kaandika. Nani angekataa hapo?

Sasa njoo kwenye sendoff, ile mliyokuwepo wengi wenu mkabaki mnaniangalia. Uwanja wazi, turubai moja, spika ikawa inalia kama redio ya bodaboda. MC kawasha maiki yake, baba mkubwa kawasha ya pili atoe nasaha, zikaanza kukoroma na kukatana, mzee akaishia kuongea kwa mdomo mtupu. Mama wakwe wanacheka. Ile aibu sitaisahau.

Nikaipeleka kwa fundi Igoma akaifungua. Besi ya chini ni koni tupu, nyuma haina sumaku wala waya. Tundu la gitaa ni tundu tu, ndani halijaunganishwa na kitu. Maiki zote mbili zipo masafa mamoja ndio maana haziwezi kuongea pamoja, na yule mshenzi alikuwa anajua ndio maana alizima moja kwanza. Halafu akanionyesha adapta, imeandikwa 15V 3A, ukizidisha ni wati 45. Pasi yangu ya nguo tu ni wati 1000, hiyo 3000 itapita wapi kwenye kiwaya chembamba vile? Pale kwenye boksi pembeni ya 3000 kuna viherufi vidogo PMPO, fundi anasema ukiona hivyo hesabu hiyo namba haipo, tafuta iliyoandikwa RMS.

Simu yangu hapokei tena, kabloki. Huyu alale ndani jamani, arudishe hela za watu, na wanaompangisha kile kistoo nao waulizwe. Mwenye kujua anapokaa aje inbox, polisi nimeshaenda wanataka tu wa kuwaelekeza. Akikuita wewe, mwambie spika aitoe nje barabarani na maiki zote mbili awashe kwa pamoja, utaona atakavyokumbuka ana mgonjwa Bugando.