Ugavi Umepungua au Mahitaji Yameongezeka?

Wanafunzi wawili wa uchumi jijini Nairobi walibishania mfano uliokuwa katika madokezo yao ya mhadhara: nyanya katika soko la Wakulima zimepanda kutoka shilingi 80 hadi 120 kwa kilo.

"Mvua imeharibu mashamba, kwa hiyo mstari wa ugavi kwenye grafu umesogea kushoto, yaani kwa kila bei nyanya zinazoletwa sokoni ni chache kuliko awali," alisema wa kwanza, "na bei ilipopanda, mstari wa mahitaji nao ukasogea kushoto."

"Hapo sikubaliani nawe, dada," akajibu mwenzake. "Bei ya nyanya zenyewe haisogezi mstari wa mahitaji, wanunuzi wamepanda tu juu ya mstari uleule, wakanunua kidogo. Ungesogea kulia iwapo, kwa mfano, nyanya za kopo zingepanda bei na watu wakahamia nyanya mbichi."

"Lakini hata hapo bei ingepanda. Tutatofautishaje?"

"Tazama kiasi kilichouzwa. Kikishuka kutoka kreti 1,000 hadi 700, ugavi ndio uliopungua. Kikiongezeka, mahitaji ndiyo yaliyosogea."

Kwangu hoja ya pili ndiyo yenye uzito, ingawa mabadiliko hayo mawili yakitokea pamoja, bei hupanda kwa hakika, ilhali kiasi kinaweza kuelekea upande wowote, na hapo kipimo hicho peke yake hakitoshi.