Faili "zima" lililotutia hasara: SFTP, EDI na API, uzoefu wangu

Sitaki tena kusikia mtu akiniambia SFTP haina shida. Sisi tuna godauni Shimanzi, tunauza unga na mafuta, na mteja wetu mmoja mkubwa hutuma oda usiku kwa faili analopakia kwa SFTP kwenye seva yetu, na ERP, programu yetu ya oda na stoo, inachungulia folda kila dakika 5 ikikuta kitu inachukua. Juzi juzi hapa oda ilikuwa ya mistari 412, kwetu ikaingia 187, lori likatoka nusu tupu, asubuhi ni simu za matusi tu.

Nikampigia jamaa wao wa IT, ati "faili ni zima, jifunzeni kusoma folda zenu." Kinachoniuma ni kwamba nilipofungua folda ya archive, ERP inakohamishia faili ikishalisoma, kweli lilikuwa zima, mistari yote 412! Siku nzima nikaamini kosa ni letu. Mpaka nkatazama mistari ya mwisho iliyoingia kwenye ERP:

```
PO4471;186;UNGA2KG;80
PO4471;187;MAFUTA5L;12
```

Kwenye archive hayo mafuta ni 120. Sufuri imekatwa! Yaani programu yetu ilisoma faili wakati wao bado wanalipakia, net yao inasuasua, ikamaliza kusoma kilichokuwepo ikalihamisha archive, na seva ya Linux faili likihamishwa ndani ya diski ile ile haikatizi anayeandika, basi likaendelea kujazwa huko huko hadi likatimia. Ukiona archive ina mingi na ERP ina michache, shuku hiyo kwanza.

Dawa yake ni ndogo: pakia kwa jina la muda, `oda.csv.part`, ukimaliza ndio ubadilishe liwe `oda.csv`, na mstari wa mwisho kabisa uandike idadi ya mistari. Nkamwomba hayo mawili tu. "Hiyo si kazi yetu," akanikatia simu. Mtu mzima!

EDI, kutumiana oda kwa ujumbe wa muundo maalum kama EDIFACT, wallahi isingetufanyia hivi. Ujumbe wa EDIFACT unafungwa na `UNT` yenye hesabu ya vipande vyote, ukikatika katikati unakataliwa, na `CONTRL` inarudi kumwambia aliyetuma. Lakini kuiweka ni pesa na wiki za kulinganisha misimbo ya bidhaa, mteja mmoja hailipi.

Nilikuwa nataka kumalizia kwa kusema nendeni API, yaani sistimu zinaongea moja kwa moja, kuna mteja mwingine tunafanya naye hivyo na jibu linakuja papo hapo. Ila nisiwadanganye, siku moja net ilikatika kabla jibu letu halijamfikia, sistimu yake ikatuma tena, tukapakia oda moja kwenye lori mara mbili. Sasa ERP inakagua namba ya oda, ile PO, kwanza, ikiwa ipo inarudisha jibu lile lile la mwanzo.

Kwa hivyo faili bado tunatumia, oda za usiku ni nyingi na zinaenda vizuri. Nimeweka tusiguse faili mpaka saizi yake isibadilike kwa dakika 10, ingawa net yao ikikwama zaidi ya hapo tutakatwa tena. Ile `.part` mpaka leo hajaiweka, na pole hajasema.