Tahadhari: vichwa vya chaja feki Kariakoo, angalieni kabla hamjatoa hela

Wakuu, wiki mbili zilizopita nilinunua kichwa cha chaja cha wati 25 kwenye meza moja Kariakoo. Jamaa alianza na 25,000, nikasema sina hela hiyo, akashuka mpaka 12,000 kabla hata sijageuka kuondoka. "Chukua bosi, orijino hii, sema tu haina boksi." Nikachukua.

Usiku ule ule simu ikiwa kwenye chaji, tachi ikawa inajigusa yenyewe, herufi zinajiandika. Siku ya nne mdogo wangu alishika simu akiwa peku sakafuni, akasema inamtekenya. Nilipokwenda kuchomoa, kichwa kilikuwa cha moto na kinanuka plastiki. Naandika ili mwingine asifike hapo, maana dalili zote zilikuwa mkononi mwangu pale pale mezani.

Kwanza uzito. Nilikuja kupima kwenye mizani ya jikoni: changu gramu 33, cha wati 25 tunachotumia ofisini, chenye miguu mitatu kama changu, gramu 58. Tofauti hiyo ndiyo vitu vilivyopunguzwa ndani. Kwenye chaja ya kweli kuna transfoma yenye nyaya zilizozungushiwa tabaka za kuhami, na upande wa umeme wa ukutani umetenganishwa na upande wa simu kwa nafasi ya milimita kadhaa. Kwenye feki nafasi hiyo hubanwa, tabaka hurukwa, na umeme wa 230V unabaki jirani kabisa na waya unaokwenda kwenye simu. Kwa hiyo nendeni sokoni na kichwa mnachokiamini, cha wati zile zile na plagi ya aina ile ile, shikeni kimoja kila mkono. Ila zipo chaja za kisasa za teknolojia ya GaN, ndogo na nyepesi kihalali, kwa hiyo wepesi peke yake usiuhukumu.

Ndiyo maana maandishi ni muhimu, na hapa inatakiwa hesabu ndogo tu: volti mara ampea ni wati. Changu kimeandikwa 25W kwa herufi kubwa mbele, lakini kwenye maandishi madogo chini, umeme unaotoka ni mstari mmoja tu: 5V 2A. Hiyo ni wati 10. Cha ofisini kina 5V 3A, kisha 9V 2.77A, na 9 × 2.77 ni karibu 25. Muuzaji anaweza kusema lolote, hesabu haimsaidii. Tafuteni pia alama ya kisanduku kidogo ndani ya kikubwa, maana yake kuna uhami wa tabaka mbili. Alama za CE msizitegemee, anayeghushi jina la kampuni hashindwi kuchapa herufi mbili. Mwaka 2016 maabara ya UL ilipima chaja 400 za kughushi zilizobandikwa jina la Apple, zikafaulu 3 tu kwenye kipimo cha kuzuia shoti.

Sasa miguu, ambayo watu wengi hawaiangalii. Kwenye plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa, ule mkubwa wa juu kuwa wa plastiki ni kawaida kwa chaja za simu. Tazameni miwili ya chini: iwe na vazi jeusi la plastiki karibu na mwili, ili kidole kisiguse chuma plagi ikiwa nusu imeingia. Kutoka ukingo wa mguu mpaka ukingo wa chaja pawe na angalau milimita 9.5, kama upana wa ukucha wa kidole kidogo. Changu pana nusu ya hapo, na mguu mmoja unachezacheza. Miguu yenyewe inatakiwa iwe ya shaba nyeupe au ya njano, isiyovutwa na sumaku. Nilipoisogezea sumaku ya spika ikanasa palepale.

Bei ningeiona mapema kuliko yote. Duka la wakala nililouliza baadaye walitaka 45,000 na risiti ya EFD. Anayeshuka nusu nzima bila kuugulia anajua alichonunulia. Ombeni risiti iandikwe jina la bidhaa; wa kwangu alisema mashine imeharibika.

Ambaye tayari anacho, asikifungue kikiwa kimetoka tu kwenye soketi, kapasita ndani hubaki na chaji inayopiga vibaya. Bidhaa za kughushi zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC. Changu nimekifunga kwenye mfuko pamoja na picha za maandishi yake, Jumatatu nakipeleka.